Milioni Mbili za Nani? Mstari Mmoja wa Wasifu Mbele ya Mwajiri wa Asasi

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya Marekani kwa nchi za nje. Siku chache baadaye barua za kusitisha kazi zikaanza kuingia kwenye ofisi za miradi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko. Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na kufikia Julai mosi shirika lenyewe likawa limekoma kujitegemea. Waliobaki bila kazi hawakuwa wauguzi, madereva na maofisa uwanda peke yao. Watu waliokuwa wakiandika maandiko ya miradi, kusimamia mikataba na kutuma taarifa kwa mfadhili nao walijikuta sokoni kwa wakati mmoja, wengi wakiwa na wasifu wenye mstari unaofanana: "Nimechangisha dola milioni kadhaa."

Mwajiri wa asasi anauona mstari huo kabla hajafika kwenye shahada. Tatizo ni kwamba ukiachwa peke yake hausemi mengi. Hausemi fedha zilikuwa za namna gani, mwombaji alifanya nini hasa hadi zikapatikana, wala zilisimamiwaje baada ya kuingia benki. Wakurugenzi waliokwisha kuumwa na nyoka katika ajira za namna hii hawaufuti mstari, bali huuvunja vipande, kisha huangalia kila kipande kina nini ndani.

Tuchukue mfano wa kutunga, ingawa hesabu zake ni za kila siku kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye jopo la usaili. Dada mmoja anaomba kazi ya afisa ruzuku katika asasi ya maji vijijini mkoani Morogoro. Alifanya kazi kama hiyo kwenye asasi nyingine kuanzia 2020 hadi 2024, miaka mitano kamili. Wasifu wake unasema: "Nimechangisha dola milioni 2.4 kutoka kwa wafadhili wa kimataifa." Mbele yake wamekaa mkurugenzi, mhasibu na mjumbe mmoja wa bodi, na anayeanza ni mhasibu.

"Karibu sana, dada. Hebu tugawie hii milioni mbili na nukta nne. Ilitoka wapi na wapi?"

Dada anaeleza, na hesabu inakaa hivi. Dola milioni 1.5 zilikuwa za mradi wa ubia ulioongozwa na shirika kubwa la kimataifa. Asasi yake ilikuwa mmoja wa washirika wadogo, na mgao wake ulikuwa dola 310,000. Dola 600,000 zilitoka kwa taasisi ya Ulaya iliyokuwa ikiifadhili asasi hiyo tangu kabla yeye hajaajiriwa. Hii ilikuwa awamu ya tatu. Dola 180,000 zilitoka kwa mfadhili mpya kabisa, aliyemtafuta yeye mwenyewe. Zilizobaki, dola 120,000, hazikuwa fedha bali thamani ya pampu na mabomba yaliyotolewa bure.

Hakuna uongo hapo, kwani kila dola inaweza kuonyeshwa karatasi yake. Lakini fedha taslimu zilizoingia kwenye akaunti ya asasi ni dola 1,090,000 kwa miaka mitano, yaani wastani wa dola 218,000 kwa mwaka. Kwa asasi ya wafanyakazi kumi na mbili hicho ni kiasi cha heshima. Shida ni kwamba mwombaji aliwaacha wasaili wafike wenyewe kwenye namba ndogo, na mtu akishagundua mwenyewe kwamba milioni 2.4 ni milioni 1.09, anaanza kuitilia shaka hata ile iliyo sahihi.

Kipande chenye thamani kubwa kuliko vyote mbele ya jopo kilikuwa kile kidogo, cha dola 180,000. Hapo ndipo mwombaji alipofanya kazi nzima kuanzia mwanzo: alisoma taarifa za mwaka za taasisi mbalimbali, akaona moja inayofadhili kamati za watumia maji, akaandika barua ya kurasa mbili, akapata kikao cha mtandaoni, akaalikwa kuandika andiko kamili, kisha akajibu maswali ya bajeti mara tatu kabla mkataba haujasainiwa. Kilichukua miezi kumi na minne. Kwenye wasifu wake kilikuwa kimefichwa ndani ya jumla.

Kipande cha dola 600,000 nacho kina thamani yake, ila ya aina nyingine. Hakuufungua mlango yeye. Alichofanya ni kuhakikisha haufungwi, na kwa mfadhili wa awamu ya tatu hilo halitokei lenyewe, kwa sababu taasisi nyingi huwa na sera ya kutomfadhili mtu mmoja bila kikomo. Cha milioni 1.5 kinapimwa kwa swali moja tu: katika andiko lile la kurasa themanini, zipi ni zako? Akijibu kwamba aliandika sehemu ya maji na usafi wa mazingira pamoja na bajeti ya mgao wao, inatosha. Akisema "tuliandika wote kwa pamoja", jopo litajua kwamba pengine alikuwa anatuma viambatisho.

Mwombaji huyuhuyu angeandika mistari mitatu badala ya mmoja, jopo lingeanzia mahali pengine kabisa. Wa kwanza: "Nilitafuta na kupata ruzuku ya kwanza ya dola 180,000 kutoka kwa taasisi ambayo haikuwa imewahi kuifadhili asasi, 2022 hadi 2024." Wa pili: "Nilisimamia taarifa na mawasiliano yaliyofanikisha awamu ya tatu ya ruzuku ya dola 600,000 kwa miaka mitatu." Wa tatu: "Niliandika sehemu ya maji na bajeti yake katika andiko la ubia lililopata dola milioni 1.5, mgao wa asasi yetu ulikuwa dola 310,000." Pampu zinaweza kupata mstari wao, zikitajwa kwa jina lao kwamba ni vifaa. Ukisoma vitenzi vya mistari hiyo, kutafuta, kusimamia, kuandika, unajua mara moja mtu huyu alisimama wapi.

Wale waliotoka kwenye miradi ya Marekani wana jambo moja zaidi la kuliweka sawa, nalo lina ufundi wake. Mkataba wa mfadhili yule ulikuwa na kiasi cha juu kilichoandikwa kwenye ukurasa wa mwanzo, kisha kiasi ambacho serikali ilikuwa imekitenga rasmi hadi tarehe fulani, kisha fedha zilizokwisha kupokelewa na kutumika. Mradi wa dola milioni 5 wa miaka mitano ukifutwa mwaka wa pili, huenda uliopokelewa ni milioni 1.3 tu. Mtu akiandika milioni 5 bila maelezo anajiweka mahali pabaya, kwa kuwa namba hizo ziko wazi kwenye tovuti ya USAspending.gov kwa yeyote mwenye dakika chache. Akiandika "mkataba wa dola milioni 5, uliofutwa Februari 2025 pamoja na programu nyingine za USAID, dola milioni 1.3 zilipokelewa na kufungwa kwa taarifa ya mwisho", amesema kweli na papo hapo ameonyesha kitu ambacho si wengi wanacho: uzoefu wa kufunga mradi kwa dharura, kuhesabu mali, kuwalipa wafanyakazi haki zao na kudai gharama zilizokuwa zimekwisha kutumika.

Kuna na swali ambalo mwajiri mwangalifu hulirusha kwa upole: ukiondoa mfadhili huyo mmoja, umewahi kupata fedha kwingine? Sheria za ruzuku za Marekani ni somo zito, na aliyezibobea ameshika kitu. Lakini kuandika ombi la kurasa ishirini na tano linalofuata tangazo la serikali kuu ni kazi tofauti na kumshawishi mzee wa taasisi ya familia ya Uholanzi anayetaka kurasa tatu na kujua watoto wa kijiji wanachota maji wapi.

Baada ya kiasi huja suala la mafanikio dhidi ya majaribio, na hapa waombaji wengi huteleza kwa kujaribu kupendeza. Mtu anasema asilimia 90 ya maandiko yake yalipata fedha. Jopo linalojua kazi halipigi makofi; linauliza mangapi. Aliyeomba mara kumi tu kwa miaka mitano, tena kwa wafadhili walewale waliomzoea, amekuwa akihuisha mikataba, hajawinda. Picha inayoaminika ina ngazi: kwa mfano maandiko dhana ishirini, manane yakaalikwa kwenye hatua ya andiko kamili, matatu yakapata fedha. Ukiwekwa hivyo, mwajiri anaona mambo mawili kwa mara moja. Manane kati ya ishirini yanamwambia kwamba mwombaji anajua kuchagua mlango wa kubisha. Matatu kati ya manane yanamwambia bajeti na mpango wake vinahimili macho ya mtathmini. Yule mwenye manane na sifuri ana kipaji cha mawazo na udhaifu wa hesabu, na kuna asasi zenye mhasibu hodari ambazo zingemchukua mtu huyo bila kusita.

Uchangishaji wa umma una hesabu zake nyingine. Mwaka 2011, ukame ulipoikumba Kenya, Taasisi ya Safaricom, Benki ya KCB na vyombo vya habari walishirikiana na Chama cha Msalaba Mwekundu katika kampeni ya Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya, na wananchi waliituma M-Pesa kidogokidogo hadi lengo likapitwa. Nani ana haki ya kuandika kwenye wasifu wake kwamba alizichangisha? Hakuna hata mmoja, na wengi wana sehemu yao. Aliyekuwa akisimamia orodha ya wachangiaji wa asasi kwa njia ya simu anaeleweka zaidi akieleza wangapi walichangia mara ya pili mwaka uliofuata, na kila shilingi mia iliyoingia iligharimu shilingi ngapi za matangazo, ujumbe na makato.

Uhusiano na wafadhili ndiyo sehemu inayosemwa kwa maneno laini kuliko zote. "Nina uhusiano mzuri na wafadhili" imo katika kila barua ya maombi, na hapo hapo waajiri wengine nao hukosea kwa kuuliza, "Utatuletea wafadhili gani?" Swali hilo lina kasoro kubwa. Kanuni za maadili za Chama cha Wachangishaji Fedha Weledi, kinachojulikana kwa kifupi AFP, zinasema wazi kwamba taarifa za wafadhili ni mali ya shirika zilikokusanywa na hazihamishwi. Juu ya hapo kuna sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwombaji anayejisifu kwamba ana orodha nzima ya wafadhili wa ofisi aliyotoka kwenye simu yake anamwambia mwajiri mpya kitakachotokea siku naye atakapoachwa.

Kanuni hizohizo zinakataza mchangishaji kulipwa kwa asilimia ya fedha alizopata. Mtaani jambo hili ni la kawaida: asasi haina fedha, inamwambia mwandishi, "Andika, zikitoka utachukua asilimia kumi." Lakini wafadhili wengi wakubwa hawakubali gharama ya kuandika andiko ilipwe kutoka kwenye ruzuku yenyewe, kwa hiyo asilimia hiyo huishia kufichwa kwenye kifungu cha mafunzo au ushauri wa kitaalamu, na mkaguzi huikuta hukohuko. Mtu anayeitaja malipo ya namna hii kwenye wasifu kama ushahidi wa kipaji ajue anachokitangaza.

Uhusiano unaonyeshwaje basi bila kubeba majina ya watu? Kwa muda na kwa matukio. Mfadhili aliyehuisha mkataba mara tatu kwa miaka saba ni ushahidi. Mfadhili aliyeanza na fedha zilizofungwa kwenye mradi kisha akatoa fedha huru ni ushahidi mkubwa zaidi, kwa sababu fedha huru hulipa pango, ukaguzi na mshahara wa mhasibu, vitu ambavyo Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huviruhusu kwa kiwango kisichozidi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Na mfadhili aliyekubali kuwa mdhamini wa mwombaji, akapokea simu ya jopo, ni ushahidi ambao hauhitaji maelezo.

Lakini tukio linalosema mengi ni lile la habari mbaya. Jopo likimuuliza mwombaji siku aliyompigia mfadhili kumwambia jambo limeharibika, majibu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema haijawahi kutokea, na hao hawakukaa kazini muda mrefu au hawakuwa wao waliokuwa wakipiga simu. Wapo wanaoanza kueleza: kisima kilichimbwa mita 90 kikatoa maji ya chumvi, walijua Jumanne, mfadhili aliarifiwa Alhamisi pamoja na mapendekezo mawili na gharama ya kila moja, taarifa ya robo mwaka ikaja wiki sita baadaye ikiwa haina jipya la kumshtua. Huyo wa pili anaajirika.

Taarifa kwa mfadhili ndizo zinazotajwa mwishoni mwa wasifu, mara nyingi kwa maneno manne, "kuandaa taarifa za miradi", ilhali ndizo zinazoamua kama fedha za awamu inayofuata zitakuja. Mwajiri mzuri anataka kujua tatu kati ya hizo: zilifika kwa wakati, zilirudishwa mara ngapi na maswali, na je, maelezo na hesabu zilisema kitu kimoja?

Hilo la mwisho ndilo gumu. Kwenye asasi nyingi maelezo huandikwa na afisa mradi na hesabu na mhasibu, katika vyumba viwili, na afisa ruzuku ndiye pekee anayezisoma zote mbili kabla hazijatumwa. Turudi kwenye ile ruzuku ya dola 180,000. Ilikuwa na kifungu cha mafunzo ya kamati za watumia maji, dola 24,000. Bajeti iliandikwa mwanzoni mwa 2023, wakati dola moja ilikuwa takribani shilingi 2,300, kwa hiyo kifungu kilikuwa na shilingi milioni 55.2. Katikati ya 2024 mafunzo yote yalikuwa yamekamilika, kamati zote zimefundishwa, na taarifa ya maelezo ikaandika kwa furaha kwamba lengo limefikiwa kwa asilimia mia moja. Taarifa ya fedha ikaonyesha dola 17,000 zimetumika.

Msomaji wa upande wa mfadhili, ambaye amekaa Kopenhageni na ana taarifa nyingine thelathini mezani, ataona kazi asilimia mia na fedha asilimia 71, na atauliza. Ama bajeti ilijazwa hewa, ama mafunzo yalifupishwa, ama kuna kitu hakijaandikwa. Afisa ruzuku anayejua kazi yake hangoji swali hilo. Anakaa na mhasibu wanafungua vitabu. Wanakuta kwamba zilitumika shilingi milioni 44.2, pungufu kwa milioni 11, kwa sababu serikali za vijiji zilitoa ofisi zao bure badala ya kumbi za kukodi. Kisha wanakuta sababu ya pili: dola ilikuwa imepanda hadi shilingi 2,600, kwa hiyo kila shilingi iliyotumika ilikula dola chache kuliko ilivyopangwa. Kumbi za bure ziliokoa takribani dola 4,200. Kupanda kwa dola kuliokoa takribani 2,800. Jumla ni dola 7,000, na hesabu imefunga.

Maelezo hayo yanaingia kwenye taarifa kwa sentensi tatu, na yanafuatwa na barua ya kuomba ruhusa ya kuzihamishia dola 7,000 kwenye ununuzi wa vipuri vya pampu. Mikataba mingi huruhusu kuhamisha kiasi kidogo bila kuuliza, mara nyingi hadi asilimia kumi ya kifungu, lakini hapa ni karibu asilimia thelathini, na barua lazima itangulie matumizi. Asasi zinazotumia kwanza na kuomba baadaye ndizo zinazokutana na neno baya kuliko yote katika kazi hii: matumizi yasiyokubalika. Fedha zikishaitwa hivyo zinarudishwa, na kwa kuwa fedha za mradi zimekwisha kutumika, zinarudishwa kutoka kwenye fedha huru, yaani kwenye pango na mishahara.

Kwa hiyo mwombaji aliyesimamia hali kama hiyo ana mstari wenye uzito kuliko "kuandaa taarifa za miradi". Anaweza kuandika: "Nilituma taarifa 31 kwa wafadhili wanne kwa miaka mitano, mbili zilichelewa, zote kwa makubaliano ya maandishi. Ukaguzi wa miradi mitatu haukukuta matumizi yasiyokubalika." Hizo mbili zilizochelewa si za kufichwa. Zinamfanya mtu aziamini zile 29.

Kwa Tanzania kuna taarifa nyingine inayosahaulika, ya serikali. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 ziliweka wajibu wa kuwasilisha kwa Msajili na Hazina mikataba ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ndani ya siku kumi baada ya kusainiwa, na kuutangazia umma fedha zilizopokelewa. Upande wa Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilisubiri zaidi ya muongo mmoja, ikaanza kutumika Mei 2024. Afisa ruzuku anayehama kutoka nchi moja kwenda nyingine akionyesha kwamba anajua karatasi hizi zinakwenda wapi na lini anampunguzia mkurugenzi usingizi wa mang'amung'amu.

Kuhakiki madai haya yote ni rahisi kuliko waombaji wanavyodhani. Mbali na takwimu za Marekani, Umoja wa Ulaya huchapisha waliopokea fedha zake, taasisi nyingi za Uingereza huweka ruzuku zao kwenye mfumo wa wazi wa 360Giving, na taasisi binafsi za Marekani hulazimika kuorodhesha kila waliyempa fedha kwenye fomu ya kodi ya 990-PF, ambayo ni ya wazi. Mjumbe wa bodi mwenye kompyuta na kikombe cha chai anaweza kujua kwamba ile ruzuku ya dola 600,000 ilikuwa awamu ya tatu hata kabla ya mwombaji hajaingia mlangoni.

Kipimo chenyewe, hata hivyo, hufanyika mezani. Asasi zinazojua zinachotafuta humpa mwombaji kompyuta, taarifa ya kurasa nne na jedwali la Eksel, na saa moja. Ndani yake wameficha kasoro: idadi ya wanufaika wanawake na wanaume isiyojumlika, kifungu kimoja kilichopita bajeti bila maelezo, picha ya watoto isiyo na ruhusa ya wazazi, tarehe ya risiti iliyo baada ya mwisho wa mradi. Haitarajiwi azione zote. Inatazamwa ni ipi anaiona kwanza, na je, anairekebisha kimyakimya au anaandika pembeni swali la kumuuliza mhasibu. Anayebadilisha namba ili zikubaliane, bila kumuuliza mtu, ameshindwa hata kama jedwali lake ni safi kuliko ya wenzake. Kuhusu sampuli za maandiko, ambazo waajiri wengi huziomba, anayeleta andiko zima lenye jina la mfadhili na mishahara ya wenzake wa zamani amejibu swali jingine ambalo hakuulizwa.

Usaili mzuri hauendi upande mmoja. Mwombaji makini naye ana haki ya kuuliza, na swali la kwanza ni kuhusu hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu iliyopita. Wafadhili wengi huzitaka kabla hawajasoma andiko, na asasi isiyokuwa nazo haina kitu cha kuombea, hata ikimwajiri mwandishi hodari kuliko wote mjini. Swali la pili ni kuhusu muda. Bodi nyingi hutaka kuona fedha mpya ndani ya miezi sita, wakati kwa mialiko ya Umoja wa Ulaya kutoka tarehe ya mwisho ya andiko dhana hadi mkataba kusainiwa mara nyingi ni karibu mwaka mzima, na yule mfadhili wa dola 180,000 alichukua miezi kumi na minne. Mwombaji anayekubali lengo la miezi sita bila kuuliza mifuko ipi iko wazi sasa, mikataba ipi inaisha lini, na nani atalipa mshahara wake kabla fedha hazijaja, atakuwa anatafuta kazi tena kabla jibu la andiko lake la kwanza halijarudi.